Mazungumuzo ya Mwezi wa Saba, na Karatasi Inayobaki mu Nyumba

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 12, biro yetu ya sendika inajaa watu wenye kushika karatasi ya kotasio. Mwaka uliopita mwenzetu mumoja, anayetumika ku konkasere, alifika na karatasi yake imekunjwa mara ine. Walikuwa wamemuandikia kwamba ni «mudogo», maana yake hakuna premi na hakuna kupanda daraja. Tukamuuliza: mukubwa wako alikuambia nini katikati ya mwaka? Akajibu: «Aliniitaka mu mwezi wa saba. Alisema: papa, we unafanya muzuri, endelea paka vile.» Tukamuuliza: iliandikwa wapi? Akatuangalia tu. Yule sefu alikuwa amehamishwa mu mwezi wa kumi, yule mupya hakumujua, na neno la muzuri liliondoka na mwenye kulisema.

Sisi wa sendika tulijaribu. Tulienda ku biro ya personeli, wakatupokea na heshima, wakatuuliza karatasi. Hatukuwa nayo. Mambo yaliisha pale.

Ndiyo sababu leo tunazungumuza juu ya yale mazungumuzo ya katikati ya mwaka, yale ambayo wengi wetu tunayapita mbio juu ya kurudia ku mashini. Mu kampuni nyingi za kuchimba shaba na kobalti huku kwetu, mwaka wa kotasio unaenda hivi: mu mwezi wa 1 ao wa 2 mukubwa anakupatia objektifu, mu mwezi wa 6 ao wa 7 munakaa pamoja kuangalia munafika wapi, mu mwezi wa 11 ao wa 12 anakupima. Watu wanaogopa ile ya mwisho na kuzarau ile ya katikati. Lakini mu mwezi wa 12 hakuna tena cha kutengeneza. Mu mwezi wa 7 mungali na miezi mitano.

Tena mu mwezi wa 7 feza haiko juu ya meza, na hiyo inabadilisha mazungumuzo kuliko tunavyofikiri. Mu Amerika, ku kampuni Jenero Elektriki, watafuti watatu, Meyer, Kay na French, walichunguza jambo hili, wakaandika mu mwaka wa 1965 yale waliyoyaona. Waliona kwamba wakati sefu anasema makosa ya mutu na mushahara wake siku moja, mutu anajilinda tu, hasikilize, na kisha kazi yake inaweza hata kushuka. Kumusifu vilevile hakukubadilisha kitu kingi. Kilichosaidia ni kupatana juu ya jambo moja moja lenye hesabu na lenye tarehe. Wale walikuwa watu wa Amerika, lakini mwenye kuisha kukaa mbele ya sefu wake siku ya kotasio anajua kama ni kweli.

Tuchukue sasa mufano wa mwenzetu mwengine, shofere wa dampa mu kariere moja hatutaitaja. Mu mwezi wa 1 walimupatia objektifu ya safari 18 kwa posti, kutoka ku pele mpaka ku konkasere. Hesabu ilikuwa ya haki wakati ule. Posti ni ya saa 12, lakini ukitoa kupokelesha, kula, mafuta na kungojea, zinabaki kama saa 9 za kutembea kweli, ni dakika 540. Safari moja, kwenda na kurudi na kupakia, ilikuwa dakika 30. Dakika 540 kwa 30 ni safari 18.

Kufika mwezi wa 6, yeye alikuwa anafanya safari 13, siku ingine 14. Ku karatasi ya sefu iliandikwa tu: anashuka. Sefu hakuwa mutu mubaya. Alikuwa na mashofere zaidi ya makumi matatu na aliangalia nambari ya mwisho. Lakini mwenzetu alikuwa na kaye ndogo ya franka kidogo tu, kila posti anaandika tarehe, nambari ya kamyo, safari ngapi, na kila mara alisimama: dakika ngapi na sababu gani. Mu kaye ile ilionekana kwamba safari hazikushuka polepole, kama mutu mwenye kuchoka. Zilishuka juma moja, mu mwezi wa 5. Na juma lile pele ilihamishwa chini zaidi, njia ikatoka kilometa 2 na nusu ikawa kilometa 4.

Mufuate hesabu. Kilometa moja na nusu zaidi ya kwenda, moja na nusu ya kurudi, ni kilometa 3 zaidi kila safari. Dampa, ukichanganya kupanda na kushuka, inatembea karibu kilometa 20 kwa saa, basi kilometa 3 ni dakika 9. Safari ya dakika 30 ikawa ya dakika 39. Dakika 540 kwa 39: haifiki 14. Hata shofere gani, hangefikisha 18 bila kukimbiza kamyo mu mutelemuko, na tunajua wote vile inaishaka.

Alikuja kutuona mbele ya siku yake. Delege hakai mu mazungumuzo haya, ni ya watu wawili, lakini anaweza kukusaidia kupanga maneno. Tulimuambia mambo mawili. Kwanza, usianze na njia. Anza na kosa lako mwenyewe, juu sefu analijua tayari. Pili, usiombe akuonee huruma. Mupatie kaye na mufanye hesabu pamoja.

Kosa alikuwa nalo. Fishi ya kutazama mashini mbele ya kuwasha moto (breki, mipira, mafuta, taa) ilikuwa inakosekana. Sefu alianza kusema: «We papa, mafishi yako inakosaka kila mara.» Yeye akamuomba: «Sefu, tuihesabu.» Wakaihesabu: zilikosa 6 kwa posti 40. Neno «kila mara» ni hatari mu karatasi, juu mu mwezi wa 12 kila mutu atalipima vile anavyotaka. Hesabu ya 6 kwa 40 haipanuke wala haipunguke. Inauma, lakini inabaki 6.

Hii ndiyo karatasi waliyoandika siku ile, mukono wa sefu, bik ya buluu:

«Tarehe 9 mwezi wa 7. Moja: objektifu ya mwezi wa 1 ilikuwa safari 18 na njia ya kilometa 2 na nusu. Tangu mwezi wa 5 njia ni kilometa 4. Tunaona 13 inawezekana. Sefu ataandikia biro ya plani mbele ya tarehe 20. Mbili: fishi zinakosa 6 kwa posti 40. Shofere anakubali. Kuanzia leo, hakuna fishi, hakuna kuwasha moto. Tatu: kuchelewa kupokelesha mara 2; mara moja ilikuwa bisi ya kampuni. Tutaonana tena tarehe 10 mwezi wa 9, dakika 10.»

Muangalie vile iko. Kila jambo lina tulichopatana, hali ya leo, nani atafanya nini, na mbele ya tarehe gani. Hakuna «ajikaze», hakuna «tabia si muzuri». Muone tena kwamba sefu naye ana kazi mu karatasi. Hakuwa na uwezo wa kubadilisha objektifu peke yake, hiyo inatoka biro ya plani, na ni vizuri aliiandika vile badala ya kuahidi kitu asichoweza.

Wakatia mikono wote wawili, kila mutu kopi yake. Hapa tunataka kukawia kidogo. Chini ya karatasi wengi wanaandika «nimesoma na nimekubali» kwa mazoea. Ukiandika vile, umekubali yote. Kama kuna sehemu hukubali, andika «nimesoma», kisha useme wazi: «sikubali nambari ya pili, sababu ni hii». Kukataa kutia mukono kabisa hakusaidie. Watasema tu ulikataa mazungumuzo. Na kama sefu anaanza kuzungumuza azabu, hiyo ni jambo lingine: inaenda na barua ya kuomba maelezo, na wewe unajibu na barua. Muombe na heshima mutenganishe.

Kuna masefu wasiotaka kuandika. «Karatasi ya nini? Sisi ni wandugu.» Usigombane. Mangaribi ile ile, utume mesaje ku telefone: «Sefu, aksanti juu ya mazungumuzo ya leo. Vile nilisikia: moja, mbili, tatu. Kama nimekosea, uniambie.» Kama hajibu, mesaje inabaki na tarehe yake. Ifanye foto, maana telefone inaibiwa.

Watu wanatuuliza: karatasi hii ina nguvu mbele ya sheria? Haiko kontra, na haikatazi kufukuzwa. Lakini Kodi ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002, mu artikilo ya 62, inasema kontra isiyo na mwisho haiwezi kuvunjwa na mupatishi wa kazi bila sababu ya kweli, kama uwezo wa mutumishi, mwenendo wake mu kazi, ao mahitaji ya kampuni. Na sababu hiyo lazima iandikwe mu barua. Siku mutu anaandikiwa kwamba hana uwezo, Ispeksio ya Kazi itauliza: mulimuambia lini? Karatasi ya mwezi wa 7 ndiyo inajibu. Na tuseme ukweli: inajibu kwa pande mbili. Kama uliahidi fishi na hukufanya, karatasi ile ile itakushitaki.

Mu mwezi wa 9 walikaa dakika zao kumi. Biro ya plani ilikuwa imekubali 13. Fishi zilikuwa zimekosa 2 tena, zote mbili za posti ya usiku. Wakaongeza mustari mumoja, wakatia tarehe.

Kisha yule sefu naye akahamishwa, mu mwezi wa 11. Yule mupya alifungua ordinatere, akaona 18 ya mwezi wa 1, na kando yake 13. Akamuita shofere na uso wa hasira. Shofere akaomba siku moja. Bibi yake alikuwa ameweka kopi mu saki ya papie za nyumba, pamoja na karti za chanjo za watoto na papie ya parseli, na asubui akamupatia ikiwa imefungwa mu plastiki. Sefu mupya akaisoma polepole, akapigia biro ya plani simu, akabadilisha.

Kotasio yake ilitoka «muzuri». Yeye alitaka «muzuri sana», juu premi ni kubwa zaidi, na mutoto wake anaingia mu sekondere. Alikuja kutuuliza kama tunaweza kupinga. Tukafungua karatasi pamoja naye, tukaweka kidole ku mustari wa mwezi wa 9, fishi 2. Akanyamaza kidogo, akasema: «Hapo hamuna kitu ya kusema.» Akakunja karatasi, akaenda kuchukua bisi.