Kutoka "neti" hadi "net"

Mpe mtoto anayezungumza Kiswahili, aliyeanza shule juzi, neno la Kiingereza "net". Atakusomea "neti". Macho yake hayana kosa. Ni lugha yake inayomvuta, kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu, na hata tuliyoyaazima tumeyapachika irabu mwishoni: basi, shati, koti, na hiyo neti yenyewe. Kusoma amekuanza kwa silabi, ma, me, mi, mo, mu, zote zikiishia mdomo wazi. Sasa anatakiwa aufunge mahali ambapo siku zote ameuacha wazi.

Kadi za kuteleza zinamsaidia kuvuka hapo. Kata vipande vitatu vya karatasi ya manila, kila kimoja kiasi cha kiganja cha mtoto, uandike n, e na t kwa herufi ndogo. Vipange mezani kwa mfuatano, uache nafasi ya vidole vinne kati ya kimoja na kingine. Mtoto aweke kidole juu ya n na kutoa sauti yake, "nnnn", wala si jina lake, "en". Huku bado anaivuta sauti hiyo, aisukume kadi kuelekea e. Kadi zikigusana, sauti igeuke bila kukatika: "nnneee". Kisha azisukume zote mbili hadi kwenye t, na hapo ulimi uguse ufizi na sauti ikome. Mwisho alitamke neno zima kwa kasi ya kawaida, "net", na umwonyeshe neti ya mbu iliyoning'inia juu ya kitanda.

Kazi yote iko katika kutokatika kwa sauti. Ndiyo maana huwa naanza na herufi zinazovutika: m, n, s, f, l. Herufi b, d, g, p, t na k hazivutiki. Mtoto akisimama juu ya b ataipa irabu ya kuishikilia, na "bed" itageuka "ba-e-da", neno lisilokuwepo. Zikifika zamu yake, mwambie aibane midomo kama anayetaka kusema b, asiseme kitu, kisha aiachie moja kwa moja ndani ya e. Hapo zile silabi zetu zinamfaa sana, maana "be" anaijua tangu zamani. Kilichobaki ni kuitelezesha hiyo "be" hadi kwenye d.

Kufunga mwisho ndiko kugumu zaidi. Niliwahi kukaa na mtoto wa miaka sita ambaye kila neno alilipachika i: neti, peni, bedi. Nikaziweka kadi kando, nikamwandikia "bustani", neno analolijua, akalisoma vizuri. Nikafunika "tani" kwa mkono, nikamwomba asome kilichobaki. Akasema "bus", akakomea kwenye s. Tukafanya hivyo kwa "labda", akabaki na "lab", na kwa "daftari", akabaki na "daf". Kumbe mdomo wake ulishajua kufunga silabi katikati ya neno, ila hakuwahi kufunga mwishoni. Tuliporudi kwenye kadi alisema "net" safi, akacheka, akarudia mara tatu.

Unaposikiliza, tazama mkono na sikiliza sauti kwa pamoja. Mkono ukienda na sauti ikasimama, mtoto anasukuma karatasi tu, hasomi. Mrudishe kwenye kadi mbili za mwanzo. Akitaja sauti zote tatu sawasawa kisha akasema neno jingine kabisa, amesahau ya kwanza kabla ya kufika ya mwisho. Huyo punguzia nafasi kati ya kadi. Akikisia kwa kuangalia herufi ya kwanza, badilisha ya mwisho pekee: "pen", "pet", "peg". Hapo kukisia hakumsaidii, lazima afike mwisho.

Irabu nazo zina utaratibu wake. Irabu ya "net" iko karibu na e yetu, kwa hiyo anza nayo. Ile ya "cat" haimo katika Kiswahili; mdomo unafunguka kama wa a, lakini ulimi unasogea mbele kuelekea e. Herufi u katika "sun" husikika karibu na a yetu, jambo linalomchanganya mtoto aliyezoea kwamba u ni u. Hizo zisubiri. Na yapo maneno ya herufi tatu ambayo hayafai kabisa kwa kadi hizi, kama "car", "cow" na "saw": r na w za mwisho hazisimami kama konsonanti, zinaungana na irabu na kuibadilisha.

Mzazi, dakika kumi za jioni zinatosha. Anza na "men", kisha "met", kisha "net", na usiguse "cat" mpaka mwanao aache kusema "neti".