Mipaka ya Integrali: Hesabu ya Mabaki Ndani ya Kapasita

Konvolusheni ni hesabu ya kujumlisha mabaki. Kitu kilichoingia katika mfumo muda fulani uliopita huacha sehemu yake ndani, na sehemu hiyo hupungua kadiri muda unavyokwenda. Anayetaka kujua hali ya mfumo sasa hivi hana budi kujumlisha mabaki ya kila kilichowahi kuingia, kila kimoja kwa kadiri ya umri wake. Kwa fomula, jambo hilo huandikwa hivi:

y(t) = ∫ x(τ) h(t − τ) dτ

Herufi t ni wakati wa kutazama, na τ ni wakati kipande kilipoingia. Kwa hiyo t − τ ni umri wa kipande hicho. Fankisheni x hueleza kilichoingia, na h hueleza kiasi kinachobaki baada ya umri fulani. Vitabu vingi huweka mipaka ya integrali hii kutoka −∞ hadi ∞, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Kukokotoa integrali yenyewe mara nyingi ni kazi ya mistari miwili tu. Ugumu upo katika kuamua ianzie wapi na iishie wapi.

Saketi ndogo inatosha kulionyesha hilo. Rezista ya kilo-omu 100 imeunganishwa mfululizo na kapasita ya mikrofaradi 10. Zao la thamani hizo mbili ni sekunde 1, na ndicho kipimo cha kasi ya kapasita kujaa na kupungua. Kwa saketi hii, h(t) = e^(−t) kuanzia t = 0, na kabla ya hapo h ni sifuri. Chanzo cha umeme kinatoa volti 5 kuanzia sekunde 0 hadi sekunde 2, kisha kinarudi volti 0. Kurudi volti 0 si kukata waya. Waya ukikatwa, chaji haina njia ya kutokea, na volti za kapasita hubaki karibu palepale. Hapa chanzo bado kimeunganishwa, kwa hiyo kapasita inapata njia ya kujimwaga kupitia rezista.

Ishara zote mbili ni za kisababishi, yaani hazina kitu kabla ya sifuri. Kwa x, maana yake ni kwamba hakuna kilichoingia kabla ya sekunde 0. Kwa h, maana yake ni nzito zaidi: kipande chenye umri hasi, ambacho hakijaingia bado, hakiwezi kuwa na mabaki. Saketi haijibu umeme wa kesho. Hivyo kipande huhesabiwa endapo tu kiliingia kati ya 0 na 2, na endapo τ haizidi t. Masharti hayo mawili ndiyo yanayozaa mipaka yote.

Kabla ya sekunde 0 hakuna τ inayotimiza yote mawili, kwa hiyo y ni 0. Kati ya sekunde 0 na 2 chanzo kinaendelea kutoa, na vipande vilivyokwisha kuingia ni vya kuanzia 0 hadi t. Integrali ya 5e^(−(t−τ)) kwa mipaka hiyo ni 5(1 − e^(−t)). Kufikia sekunde 2, kapasita ina takriban volti 4.32.

Baada ya sekunde 2 hali inabadilika. Muda wa kutazama unasonga mbele, lakini vipande vipya haviingii tena. Mpaka wa juu unagota kwenye 2 na haumfuati t. Integrali kutoka 0 hadi 2 inatoa 5e^(−t)(e^2 − 1). Kwenye sekunde 3 hiyo ni takriban volti 1.59.

Kosa la kawaida ni kuacha mpaka wa juu uwe t hata baada ya sekunde 2. Jibu linakuwa 5(1 − e^(−t)), ambalo kwa sekunde 3 ni volti 4.75. Kapasita inaonekana kuendelea kujaa huku chanzo kikiwa sifuri. Kosa la pili ni la upande wa pili: kutumia mipaka 0 hadi 2 kwa wakati wote, kwa kuwa ndio urefu wa x. Kwenye t = 0 fomula hiyo inadai volti 31.9, kutoka kwa chanzo cha volti 5! Kilichotokea ni kwamba vipande ambavyo havijaingia vimepewa umri hasi, na e^(−t) kwa umri hasi hukua badala ya kupungua. Makosa yote mawili yana asili moja. Mtu aliandika 5 na e^(−t) peke yake, akasahau kwamba kila fankisheni ina sehemu ambako ni sifuri. Sifuri hizo zikishaondolewa kwenye fomula, mipaka pekee ndiyo inayozikumbuka.

Wengine hukariri kwamba kwa ishara za kisababishi mipaka ni 0 hadi t. Kauli hiyo ni kweli, ila inadai sifuri za x na h ziendelee kuheshimiwa ndani ya mipaka hiyo. Chanzo kikiwashwa sekunde 1 na kuzimwa sekunde 3, mpaka wa chini halisi ni 1, na kati ya nyakati hizo jibu ni 5(1 − e^(−(t−1))). Anayeweka 5 kuanzia 0 atapata kapasita iliyoanza kujaa sekunde nzima kabla ya chanzo kuwashwa.

Mpaka wa chini nao unaweza kutembea. Hilo hutokea mfumo unaposahau kabisa baada ya muda fulani. Tuseme h ni 1 kwa sekunde 1 tu, kisha sifuri, kama kifaa kinachotoa wastani wa sekunde iliyopita. Sasa umri hauruhusiwi kuzidi 1, kwa hiyo τ haiwezi kuwa chini ya t − 1. Kwa volti 5 zilezile za sekunde 2 za mwanzo, mipaka ni 0 hadi t katika sekunde ya kwanza, t − 1 hadi t katika sekunde ya pili, na t − 1 hadi 2 katika ya tatu. Majibu ni 5t, kisha 5, kisha 5(3 − t): grafu inayopanda, inakuwa tambarare, na kushuka hadi sifuri. Kila mara mpaka wa chini ni ule mkubwa kati ya vikomo vya chini vinavyoshindana, na mpaka wa juu ni ule mdogo kati ya vikomo vya juu. Ukitokea wa chini kuupita wa juu, jibu ni sifuri.

Mipaka iliyokosewa hugundulika bila kurudia hesabu. Kwanza, vipande vya jibu lazima vikutane pale vinapopakana. Katika saketi ya kapasita, fomula zote mbili zinatoa volti 4.32 kwenye sekunde 2. Pili, eneo lililo chini ya grafu ya y lazima lilingane na zao la eneo la x na eneo la h. Eneo la x ni 5 mara 2, yaani 10, na la h ni 1. Kwa kapasita, sekunde 2 za kujaa zina eneo la 5.68 na mkia wote uliobaki una 4.32, jumla 10. Kwa kifaa cha wastani ni 2.5, 5 na 2.5, nayo ni 10 vilevile.