Dhamana ya siku 30: kwa nini fedha za kozi ya mtandaoni hazirudi

Katika miji ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, anayetaka kujifunza uhasibu wa kompyuta au ushonaji kwa video huvutwa na ahadi inayokaa karibu na kitufe cha malipo: usiporidhika, utarudishiwa fedha zako ndani ya siku 30. Ahadi hiyo si ya uongo. Tatizo ni kwamba ina masharti, na sharti linalowaumiza zaidi watu wa maeneo haya linahusu jambo wanalolifanya kwa nia ya kubana matumizi, yaani kupakua masomo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti anayeishi Bwera ananunua kozi yenye masomo 40 ya video. Kwa kuwa vifurushi vya intaneti ni ghali, hafungui somo lolote hadi siku ya tisa, anapokwenda Kasese mjini kwa ndugu yake mwenye intaneti ya nyumbani. Huko anapakua masomo 28 kwenye simu ili ayatazame akirejea Bwera. Anatazama matatu tu, kisha anagundua kwamba mwalimu anatumia programu ya kompyuta ambayo yeye hana. Siku ya 12 anaomba arudishiwe fedha. Anajibiwa kwamba ombi limekataliwa, kwa sababu ametumia sehemu kubwa ya kozi.

Binti huyo ataona ameonewa, maana ametazama masomo matatu na siku 18 bado zimebaki. Lakini mfumo wa muuzaji unahesabu pia kilichopakuliwa. Udemy, mojawapo ya masoko makubwa ya kozi duniani, hutoa siku 30 tangu siku ya kununua, na sera yake inaruhusu ombi kukataliwa iwapo mnunuzi ametazama au amepakua sehemu kubwa ya kozi. Sera haitaji asilimia. Kwa mtu anayeishi kwa kutafsiri maneno, hili ndilo neno la kutiliwa shaka: "sehemu kubwa" hupimwa na yule yule anayeshika fedha.

Coursera ina mlango mwingine. Kozi iliyolipiwa mara moja ina siku 14, lakini ukishapata cheti, haki ya kurudishiwa inakoma hata kama siku hizo hazijaisha. Wapo pia wakufunzi binafsi wanaouza kozi zao wenyewe na kudai kinyume chake: hurudishiwi mpaka uonyeshe kwamba umemaliza mazoezi yote. Kwa hiyo mmoja anakunyima kwa kusoma mno, mwingine kwa kutosoma vya kutosha.

Je, sheria ya Uganda inasaidia? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inampa mnunuzi siku tano za kazi, au muda mrefu zaidi uliokubaliwa na pande zote mbili, kufuta muamala bila kutoa sababu. Hata hivyo, haki hiyo haihusu rekodi za sauti au video ambazo mnunuzi amekwisha kuzipakua, wala huduma iliyoanza kutolewa kwa ridhaa yake kabla ya muda huo kwisha. Binti wetu angekwama hapo pia, kwa sababu ile ile.

Njia iliyo salama zaidi ni kugeuza utaratibu. Kabla ya kulipa, tazama somo la majaribio ambalo wauzaji wengi huliacha wazi, na usome orodha ya vifaa vinavyohitajika. Programu iliyomkwamisha binti yule kwa kawaida hutajwa hapo. Nunua ukiwa tayari kuanza wiki hiyo hiyo, kwa sababu siku zinahesabiwa tangu malipo, si tangu ulipofungua somo la kwanza. Pakua masomo mawili au matatu, uyatazame, ndipo uamue kuhusu yaliyobaki. Siku ya malipo, piga picha ya skrini inayoonyesha masharti, kwa kuwa kurasa hubadilishwa.

Ukiomba, tumia akaunti ile ile uliyonunulia na utaje namba ya oda iliyo kwenye risiti ya barua pepe. Aliyenunua ndani ya programu ya simu ya Apple huelekezwa kuomba kwa Apple, na anayemwandikia muuzaji wa kozi huku siku zikipita anaweza kujikuta amechelewa pote pawili.

Mwisho ni kadi. Wengi hulipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na mobile money, kisha wakaifunga kwa kuogopa wizi. Fedha zinazorudishwa huelekezwa kwenye kadi iliyolipa, hivyo iache wazi hadi muda wa dhamana upite au fedha zionekane. Soma pia zinarudi kwa sura gani: baadhi ya wauzaji huzirudisha kama salio la kununulia kozi nyingine kwao, na salio hilo haliwezi kutolewa kwa wakala wa mobile money Bwera.