Majani ya kuwasha: mboga nzuri, lakini si dawa ya kuongeza damu

Kule juu Masereka, Luotu na Kyondo, kila mkulima anayajua majani ya kuwasha. Yanaota yenyewe nyuma ya zizi la mbuzi, kando ya rundo la takataka na pembeni ya shamba la viazi, popote udongo umenona kwa mbolea. Ukiyagusa bila kujua, mkono unawaka moto. Wenzetu wa Rutshuru wanayaita igisura, na kwa gorila wa milima wa Virunga ni chakula cha kila siku. Huko Kenya, Wakikuyu wanayaita thabai na wanayaponda pamoja na viazi na mahindi. Msiyachanganye na upupu, ule wa maganda yenye manyoya unaotambaa shambani. Huo ni mmea mwingine kabisa.

Siku hizi bamama wengi wa vikundi vya Butembo wanauliza kama wanaweza kuyakausha, kuyatia kwenye sashe na kuyauza mpaka Beni, ambako kwa sababu ya joto hayaoti vizuri. Jibu letu ni ndiyo. Tatizo linaanza pale sashe inapoandikwa "huongeza damu". Mtu mwenye mtoto aliyekosa damu akisoma hivyo, atanunua sashe badala ya kwenda kituo cha afya.

Tuanze na ukweli wa jani lenyewe. Gramu 100 za majani yaliyochemshwa, yaani sahani ndogo ya mboga, zina kalsiamu karibu miligramu 480. Ni nyingi kweli, karibu sawa na vikombe viwili vya maziwa, na nyumba isiyo na ng'ombe itafaidika. Zina pia vitamini A na protini kidogo. Madini ya chuma, yale waganga wanaita feri, ni kama miligramu 1.6. Watu husikia majani makavu yana chuma nyingi sana, na ni kweli namba inapanda jani likikauka, kwa sababu maji yametoka. Lakini nani anakula gramu 100 za majani makavu?

Sasa tufanye hesabu. Mama mjamzito akienda kupimwa mimba, anapewa kidonge kimoja kwa siku chenye hadi miligramu 60 za feri, pamoja na asidi foliki. Akitaka kupata feri hiyo kwa majani peke yake, atakula zaidi ya kilo tatu na nusu za mboga iliyopikwa, kila siku. Na hata akiweza, mwili wake utachukua sehemu ndogo tu, maana feri ya majani inaingia kwa shida kuliko ile ya nyama na samaki.

Chai ndiyo dhaifu zaidi. Kijiko kimoja cha majani makavu kimetoka kwenye gramu 10 au 15 za majani mabichi. Hata kama feri yote ingeingia ndani ya maji, ingekuwa miligramu 0.2 hivi, na kwa kweli sehemu kubwa inabaki ndani ya majani yale unayoyatupa. Kwa hiyo anayependa chai hii ainywe kwa ladha yake na kwa kujipasha moto, basi. Anayetafuta chakula apike majani na kuyala.

Ukiyapika kwa ajili ya mwili, angalia unayala pamoja na nini. Weka ndakala au samaki wa Kyavinyonge ndani ya sufuria, hata kidogo, na mwishoni kamulia limau au kula pera baada ya bukari. Samaki na vitu vyenye uchachu wa namna hiyo husaidia feri ya majani kuingia mwilini. Chai ya majani chai na kahawa zinafanya kinyume, zinaifunga. Sisi watu wa kahawa tunapenda kikombe mara tu baada ya chakula. Ngoja walau saa moja.

Lakini jambo kubwa zaidi ni hili: damu inapungua kwa sababu nyingi, na feri ni mojawapo tu. Kwa watoto wadogo wa Beni, malaria ni sababu kubwa, kwa kuwa vijidudu vyake vinapasua chembe za damu zenyewe. Kuna minyoo ya tumbo inayonyonya damu. Kuna mama anayetoka damu nyingi kila mwezi au baada ya kuzaa. Kuna mtoto wa SS, ambaye damu yake inavunjika tangu kuzaliwa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye jani litamtibu.

Tuseme mtoto wa miaka miwili ana homa siku tatu. Mama anaangalia viganja vyake na kuvilinganisha na vyake mwenyewe: vya mtoto vimekuwa vyeupe. Jirani anamwambia ampe maji ya majani asubuhi na jioni kwa wiki moja. Kwenye kituo cha afya wangemchoma kidole, wangepima malaria na hemoglobini. Ikiwa hemoglobini iko chini ya 7, ni hatari, na anaweza kuhitaji kuongezewa damu hospitalini. Akianza kupumua haraka, mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, au akilegea na kukataa kunyonya, mtoto huyo hana wiki moja. Anaweza kufa usiku uleule. Hapo usichemshe kitu, beba mtoto uende.

Wengine tangu wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, bado wanaogopa kituo. Tunaelewa. Hata hivyo, kipimo cha hemoglobini ni tone moja la damu, na bila kipimo hicho hakuna anayejua kama damu imepanda au imeshuka, hata muuza majani hajui.

Kwa vikundi vinavyotaka kuendelea na kazi, kateni ncha tu, majani manne hadi sita ya juu, kabla mmea haujatoa maua. Baada ya maua majani yanakuwa na chembechembe kama mchanga, zinazoweza kusumbua njia ya mkojo. Vaeni glavu au funikeni mkono kwa sashe nzito. Msichume karibu na choo, jaa la taka au barabara kubwa, ingawa ndiko yanakonona zaidi. Kwa mboga, tumbukizeni kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu na kuwasha kunaisha. Halafu mpike kama lengalenga, kwa kitunguu na mafuta ya mawese. Kwa kukausha, tandazeni kivulini penye hewa mpaka jani livunjike vidoleni. Likipindika tu bila kuvunjika bado lina maji, litaota ukungu ndani ya sashe. Kilo 10 mbichi hazitoi hata kilo mbili kavu, kwa hiyo pigeni bei mkijua hivyo.

Juu ya sashe andikeni jina la kikundi, mahali yalipochumwa, tarehe ya kukausha na maneno "majani ya mboga na chai". Chini yake ongezeni kwamba mwenye mimba, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize muganga kabla ya kuyatumia kila siku.