Imekwama, Imeanguka, Imeganda au Imezimika?

Mteja akifika kwa fundi akasema "kompyuta imestaki", fundi bado hajaambiwa kitu. Huenda ni programu moja tu iliyoacha kuitikia. Huenda ni mashine nzima iliyoganda, au Windows iliyojisimamisha yenyewe, au umeme uliokatika njiani. Vyanzo vyake ni tofauti, na dawa ya tatizo moja inaweza kuwa sumu kwa jingine: anayekimbilia kitufe cha kuwashia wakati programu ingali inahifadhi kazi anaweza kupoteza faili ambalo lingepona kwa kusubiri dakika mbili. Majibu yafuatayo ni ya anayeanza, na yanahusu kompyuta za Windows, maana ndizo zilizojaa maofisini na kwenye steshenari zetu.

Dirisha limepauka na juu yake pameandikwa "Not Responding". Nilifunge?

Usilifunge bado. Huku ni kukwama, na kukwama ni kwa programu moja, si kwa kompyuta. Windows hupanga foleni ya kila unachobofya na kila herufi unayobonyeza, nayo programu hutakiwa kuichukua foleni hiyo. Zikipita kama sekunde 5 bila kuchukua chochote, Windows hulipausha dirisha na kuandika maneno hayo. Maana yake ni kwamba programu haijaitikia. Hayasemi kwamba imekufa. Ni kama muuza duka aliyeingia stoo: wewe unagonga kaunta, yeye hasikii, lakini huenda yuko mbioni kukutafutia mzigo.

Linalobaki ni kujua kama mzigo unatafutwa kweli. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili ufungue Task Manager, uitafute programu hiyo, kisha uitazame safu ya CPU na ya Disk kwa dakika moja hivi. Namba zikipanda na kushuka, kuna kazi inafanyika, na busara ni kusubiri. Zikibaki sifuri muda wote, programu inangoja kitu kisichokuja: printa iliyozimwa, folda iliyo kwenye kompyuta nyingine ya ofisini, au flashi iliyochomolewa kabla ya wakati wake. Hapo washa printa au rudisha flashi kwanza, maana mara nyingi programu huzinduka yenyewe na kazi yako ikiwa salama.

Hali ya tatu ni CPU kuganda kwenye namba moja, mathalani karibu asilimia 25 kwenye mashine yenye viini vinne, huku diski ikiwa kimya. Hiyo ni dalili kwamba kiini kimoja kinafanya kazi kwa nguvu zote. Pengine ni hesabu ndefu ya halali, pengine programu inazunguka mahali pamoja bila kutoka. Namba peke yake haitofautishi mambo hayo mawili. Kama uliagiza kazi nzito, ipe muda. Kama hukuagiza lolote, chagua End task, ukijua kwamba kile ambacho hukuhifadhi kinaweza kupotea.

Na programu ikitoweka ghafla bila kuaga?

Hiyo imeanguka. Iliyokwama bado ipo, iliyoanguka haipo tena. Mara nyingi imejaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, na Windows ikaifunga papo hapo ili isiwavuruge wengine. Programu nyingine zote zinaendelea kama kawaida, na hiyo ndiyo alama yake. Unaweza kuifungua tena mara moja, na programu za kuandikia kama Word kwa kawaida hukuonyesha nakala zilizojihifadhi zenyewe.

Windows yenyewe huanguka pia, na hapo ndipo skrini ya bluu inapotokea. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 skrini hiyo ni nyeusi. Sababu kubwa ni kwamba draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, hufanya kazi ndani kabisa ya moyo wa mfumo. Programu ya kawaida ikikosea inafungwa yenyewe. Draiva ikikosea, hakuna wa kuifunga kwa usalama, kwa hiyo mfumo mzima unasimama makusudi kabla data hazijaharibika. Dunia iliona jambo hili tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye kasoro la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilipoangusha mashine za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5. Draiva ya programu hiyo ilisoma kumbukumbu nje ya mpaka wake, basi, na viwanja vya ndege vikasimama.

Yangu haionyeshi bluu. Inajizima na kujiwasha tu.

Inawezekana imeonyesha, ila hukuwahi kuiona. Windows imepangwa kujiwasha upya baada ya kuanguka, na kwenye mashine yenye kasi skrini ile hupita mara moja. Wengi huamini wana tatizo la umeme kumbe wana tatizo la draiva au la RAM. Ili uipate, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika amri hii na ubonyeze Enter:

```
sysdm.cpl
```

Nenda Advanced, kisha Settings zilizo chini ya Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Siku nyingine ikianguka, skrini itabaki palepale mpaka uizime, nawe utapiga picha ya msimbo ulioandikwa. Msimbo huo unamfaa fundi kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Basi kuganda ni kupi?

Kuganda ni mashine nzima kusimama huku picha ikiwa bado kwenye skrini. Mshale wa kipanya hausogei, saa haibadiliki, na kama wimbo ulikuwa unacheza, pengine kipande kidogo cha sauti kinajirudia kwa mkwaruzo. Kipimo chepesi ni kubonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, ndani bado kuna uhai na huenda picha tu ndiyo iliyokwama. Jaribu Ctrl+Alt+Del, kisha vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, ambavyo huianzisha upya draiva ya picha. Taa isipobadilika hata baada ya dakika kadhaa, bonyeza kitufe cha kuwashia usikiachie mpaka mashine izime, kama sekunde 10 hivi. Kibodi isiyo na taa ya Caps Lock haiwezi kukusaidia katika hili, na hapo unabaki na Ctrl+Alt+Del peke yake.

Kuganda ndiko kunakosumbua zaidi kuchunguza, kwa sababu mashine haikupata nafasi ya kuandika lolote kabla ya kusimama. Watuhumiwa wa kwanza ni RAM, diski inayochoka, joto na draiva ya picha.

Nitajuaje kilichotokea wakati sikuwepo?

Kompyuta ina daftari lake. Bonyeza tena Windows na R, uandike:

```
eventvwr.msc
```

Fungua Windows Logs, kisha System. Ikizimwa kwa utaratibu, humo kuna tukio namba 1074 linalotaja nani au programu gani iliyoagiza. Ikikatika ghafla hakuna wa kuandika, kwa hiyo Windows huandika inapowaka tena: tukio namba 41 kutoka Kernel-Power. Watu wengi huliona hili namba 41 wakadhani ndilo ugonjwa, wakaanza kubadilisha vifaa. Lenyewe linasema tu kwamba mara ya mwisho mashine haikuzimwa vizuri. Faida yake iko ndani, kwenye kichupo cha Details, penye mistari hii miwili:

```
BugcheckCode 0
PowerButtonTimestamp 0
```

Mstari wa kwanza ukiwa na namba isiyo sifuri, Windows ilianguka. Wa pili ukiwa na namba, kuna mtu aliyeshikilia kitufe cha kuwashia, na huenda alifanya hivyo kwa sababu mashine iliganda. Yote miwili ikiwa sifuri, mshukiwa mkubwa ni umeme au joto, ingawa mashine iliyoganda kisha ikachomolewa ukutani huacha alama hiyohiyo.

Tupe mfano.

Tuchukue steshenari yenye kompyuta ya mezani, skrini, printa ya leza na UPS ndogo ya 650 VA, vyote vimechomekwa kwenye UPS hiyo. Mwenye duka analalamika kwamba kompyuta "inastaki" mara kadhaa kwa siku. Swali la kwanza la fundi ni kama picha hubaki kwenye skrini. Haibaki, giza tupu. Kwa hiyo si kukwama wala kuganda. Anafungua daftari, anakuta tukio namba 41 limejirudia, na kila mara mistari ile miwili ni sifuri. Windows haikuanguka na hakuna aliyeshikilia kitufe.

Swali linalofuata ndilo linaloamua: kompyuta ikizimika, skrini nayo huzimika au hubaki inaonyesha "No signal"? Ingebaki na maneno hayo, umeme ungekuwa unafika, na kasoro ingekuwa ndani ya boksi la kompyuta, ama kifaa cha kugawa umeme kimechoka au vumbi limeziba feni. Tatizo la joto lina mwendo wake pia: huja baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, na ukiwasha tena mara moja mashine huzimika mapema zaidi kwa kuwa bado ina moto. Hapa skrini huzimika pamoja na kompyuta, UPS hutoa mlio, na mwenye duka akiulizwa alikuwa akifanya nini anakumbuka kwamba ni pale anapoagiza kuchapisha baada ya printa kukaa kimya kwa muda.

Printa ya leza hupasha moto rola yake ili wino wa unga ushike kwenye karatasi, na inapoanza kupasha inaweza kuvuta mamia ya wati kwa mara moja, nyingine hata zaidi ya 1,000. UPS ya 650 VA kwa kawaida haibebi hata wati 400. Inazidiwa, inajikata, na kila kilichochomekwa kwayo kinazimika. Fundi anaihamisha printa kwenye soketi ya ukutani, anaibakiza kompyuta na skrini kwenye UPS, kisha anaiacha printa ipoe na kuagiza kurasa kadhaa. Asubuhi ya siku ya pili anarudi kwenye daftari kutazama kama kuna namba 41 mpya. Ikiwa haipo, RAM na diski zinabaki zilipo. Ikiwa ipo, hatua inayofuata ni betri ya UPS yenyewe.