Mraba una dhamana, kipeuo hakina

Chukua 1, ongeza nusu, kisha robo, kisha thumuni, na uendelee hivyo, kila safari ukiongeza nusu ya ulichoongeza mara iliyotangulia. Kazi haiishi, lakini jumla haivuki 2, inaisogelea tu. Mfululizo wa namna hii husemwa kuwa una kikomo. Mfululizo wa namba chanya usio na kikomo huongezeka hadi kupita namba yoyote utakayoitaja, ukiwa na subira ya kutosha.

Sasa tuseme una mfululizo wa namba chanya, na una hakika kwamba una kikomo. Ukizidisha kila namba kwa yenyewe, yaani ukitafuta mraba wake, je, jumla ya miraba hiyo nayo lazima iwe na kikomo? Na ukitafuta kipeuo cha pili cha kila namba, je?

Tuanze na miraba. Chukua 100, 50, 25, 12.5 na kuendelea, kila namba ikiwa nusu ya iliyotangulia. Jumla yake inaelekea 200. Miraba yake ni 10,000, kisha 2,500, kisha 625. Ukitazama mwanzo huo unaweza kudhani mambo yameharibika. Lakini ile namba ya nane ni 0.78125, na kuanzia hapo zote ziko chini ya 1. Namba chanya iliyo chini ya 1 ikizidishwa kwa yenyewe hupungua: mraba wa 0.5 ni 0.25, na wa 0.1 ni 0.01. Kwa hiyo, kuanzia ya nane, kila mraba ni mdogo kuliko namba uliyotoka, na jumla ya miraba hiyo haiwezi kuipita jumla ya namba zenyewe. Ile miraba saba ya mwanzo ni mikubwa, lakini ni saba tu. Jumla yote inaelekea 13,333 na theluthi moja. Imekuwa kubwa kuliko 200, lakini kikomo kipo.

Hoja hii inafaa kwa mfululizo wowote wa namba chanya wenye kikomo. Namba zinazofika 1 au kuizidi haziwezi kuendelea kujitokeza bila mwisho, kwa sababu kila moja ingeongeza angalau 1 kwenye jumla, na jumla isingetulia. Basi kuna mahali ambapo zote zinazofuata ziko chini ya 1, na kuanzia hapo miraba iko salama.

Kipeuo hufanya kinyume. Kipeuo cha pili cha 0.01 ni 0.1: namba ndogo imekuzwa mara kumi. Cha 0.0001 ni 0.01, imekuzwa mara mia. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuzwa zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tazama 1 + 1/4 + 1/9 + 1/16 na kuendelea. Leonhard Euler alionyesha mnamo 1734 kwamba jumla hii inaelekea pai mara pai, gawanya kwa 6, yaani takribani 1.645. Vipeuo vyake ni 1, 1/2, 1/3, 1/4 na kuendelea. Katika karne ya 14, Nicole Oresme wa Ufaransa aliviweka katika mafungu. 1/3 na 1/4 kwa pamoja huzidi nusu. Kuanzia 1/5 hadi 1/8 kuna namba nne, na hakuna iliyo chini ya 1/8, kwa hiyo nazo huzidi nusu. Kuanzia 1/9 hadi 1/16 ni vivyo hivyo. Nusu haziishi, basi jumla haina kikomo. Kikokotoo hakitakuonyesha hilo: baada ya namba milioni moja, jumla imefika kama 14.4 tu.

Usiseme basi kwamba vipeuo huharibu kila mara. 1 + 1/4 + 1/16 na kuendelea, kila namba ikiwa robo ya iliyotangulia, huelekea 4/3; vipeuo vyake ni 1, 1/2, 1/4, na jumla yake ni 2. Namba hizi hushuka kwa kasi kiasi kwamba hata zikikuzwa bado zinatulia. Jibu la vipeuo, basi, ni kwamba si lazima.

Dhamana ya miraba nayo ina sharti: namba ziwe chanya. Chukua 1, toa 1 gawanya kwa kipeuo cha 2, ongeza 1 gawanya kwa kipeuo cha 3, na uendelee kutoa na kuongeza kwa zamu. Jumla hii ina kikomo, kwa kuwa kila hatua hufuta sehemu ya iliyotangulia. Lakini mraba huondoa alama ya kutoa, na kinachobaki ni 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea, jumla ileile ya Oresme isiyo na kikomo.