Wakunga Wanapotakiwa Darasani na Wodini Saa Ileile

Mwaka 2010 Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, iliwapa wafanyakazi wake mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mwanasesere. Kabla ya mafunzo, waliofaulu zoezi la kumwokoa mtoto walikuwa asilimia 18. Sasa walifika asilimia 74. Wodini, hata hivyo, idadi ya watoto waliovutwa ute au kupewa hewa kwa ambu haikubadilika.

Matokeo hayo yanamhusu moja kwa moja anayepanga siku ya mafunzo, kwa sababu yanaonyesha kwamba ruhusa ya siku moja haitoshi. Na hiyo siku moja yenyewe, kwenye wodi ya wazazi, hupatikana kwa mbinde.

Tuseme wodi ina wauguzi 14. Mmoja yuko likizo. Wawili wataingia usiku, wawili wametoka usiku na wanahitaji kulala, watatu wako zamu ya asubuhi, wawili wataingia jioni. Wanabaki wanne, tena baadhi yao wako kwenye mapumziko yao halali. Kosa la kawaida ni kuwahesabu waliotoka usiku kana kwamba wako huru. Watakuja, watasaini karatasi ya mahudhurio, na kufika saa tano wanasinzia. Kwa hiyo "siku" ya mafunzo inakuwa siku tatu, kila moja na watu wanne, na wachache waliobaki hufundishwa baadaye wodini.

Ndiyo maana mtu wa kwanza kuonwa ni matroni, mwenye ratiba ya zamu. Aonwe kabla ratiba ya mwezi ujao haijabandikwa ukutani, maana ikishabandikwa kila mabadiliko ni ugomvi. Dokezo kwa mganga mfawidhi linafuata, likiwa na majina, tarehe, na jina la atakayeshika nafasi ya kila anayeondoka. Dokezo linaloomba tu "wauguzi waruhusiwe" hurudi na swali lilelile: nani atazalisha?

Ukumbi huamuliwa na hesabu hiyohiyo. Hoteli ya mjini ina viti vizuri na chai ya saa nne, lakini inadai nauli na posho, na mkunga aliyeko huko hawezi kuitwa wakija wajawazito watatu kwa mpigo. Chumba cha mikutano cha hospitali kinatosha, ila kuna masharti mawili: meza za kufanyia mazoezi wawili wawili, na makubaliano na matroni kwamba hakuna anayeitwa wodini isipokuwa kwa dharura aliyoithibitisha yeye. Bila makubaliano hayo, mlango hufunguliwa kila nusu saa.

Mafunzo haya yaliandaliwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, na yanataka mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wasiozidi sita, na mwanasesere mmoja kwa kila wawili. Kundi la wanne linahitaji basi mkufunzi mmoja na wanasesere wawili. Kila mwanasesere hujazwa maji ya uvuguvugu, kama lita mbili, ili awe na uzito wa mtoto. Ziongezwe ambu zenye barakoa za ukubwa wa mtoto mchanga, vifaa vya kuvuta ute, vitambaa vya kumkaushia, kofia, glovu, na bango la hatua za kufuata. Vifaa vijaribiwe jana yake: ambu iliyopasuka au barakoa isiyoshika uso hula saa nzima ya darasa.

Mkufunzi mzuri hujulikana kwa anachokitazama. Yeye haangalii slaidi. Anaangalia kifua cha mwanasesere. Kikipanda mara 40 kwa dakika, mkono umeshika. Kisipopanda, mara nyingi barakoa inavuja kando au kichwa kimekaa vibaya, naye humwacha mwanafunzi ajirekebishe mpaka akione mwenyewe. Mkunga mzoefu wa hospitali jirani aliyewahi kufundisha kazi hii anafaa kuliko mgeni wa vyeti vingi.

Haydom hawakuishia kwenye yale matokeo. Walianzisha mazoezi mafupi humohumo wodini, dakika tatu hadi tano kila wiki. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kwa mpangaji, hii inaongeza aya moja kwenye dokezo: kuomba dakika hizo tano za kila wiki wakati wa kukabidhiana zamu, pamoja na ruhusa ya mwanasesere kukaa kwenye meza ya wodi. Kabatini kwa msimamizi, ambaye huondoka na funguo saa tisa na nusu, zamu za jioni na usiku hazitamgusa kamwe.